Mzee anataka hela ya mbegu zake, nami siwezi kumrudishia

Kwa mshauri,

Nina duka la pembejeo hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Mwezi wa kumi na moja nilimuuzia mzee mmoja kilo 6 za alizeti chotara, pakiti tatu za kilo mbili mbili, kwa shilingi 35,000 kilo. Jumla 210,000. Ni mteja wangu wa siku nyingi na ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Akinunua kwangu, wenzake wote wananunua kwangu.

Wiki iliyopita amekuja dukani siku ya mnada, watu wamejaa, akasema mbegu zangu ni mbovu. Alipanda ekari tatu wiki moja kabla ya Krismasi, na kwa maneno yake zimeota theluthi tu. Anataka hela yake yote. Alikuja na pakiti moja iliyobaki na mbegu kidogo ndani. Nilipomuuliza alivyopanda, alisema ng'ombe walilima na vijana wakafuata nyuma ya plau wakidondosha mbegu, kama wanavyofanya miaka yote. Mvua ilinyesha kubwa mara mbili, kisha jua likawaka karibu wiki mbili.

Mimi naamini mbegu ni nzima, kwa sababu watu zaidi ya kumi walichukua mzigo huo huo na hakuna aliyelalamika. Nilimpigia msambazaji akasema mbegu iliyokwishapandwa hairudishwi, tena kwenye risiti zangu imeandikwa kabisa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Kilo moja mimi naichukua kwa 31,000, faida yangu ni 4,000 tu. Nikimlipa mzee, msimu wangu umekwisha.

Mume wangu anasema nimlipe ili kulinda jina la duka. Kaka yangu anasema nikimlipa mmoja, kesho watakuja ishirini. Mzee nilimwambia arudi Alhamisi. Nimwambie nini, nimkatalie bila kumpoteza yeye na kikundi chake?

Mwenye duka, Kibaigwa

* * *

Dada yangu, pole. Kukataliwa hela kunauma, na kumkatalia mtu unayemheshimu kunauma pia, hasa akiwa ameshakusema mbele za watu. Alhamisi ipo karibu, kwa hiyo nitaanza na kile unachoweza kukifanya kabla haijafika, kwa sababu naona jibu lako limetangulia ushahidi wako.

Unasema mbegu ni nzima kwa kuwa wengine hawajalalamika. Ni dalili nzuri, lakini bado si ushahidi. Inawezekana wenzake walipanda kwa jembe la mkono, au mashamba yao yalipata mvua ya katikati ambayo la mzee halikupata, au nao zimewakataa na wamenyamaza. Wapigie watatu au wanne kati yao leo hii, uwaulize mambo mawili tu: walipanda kwa njia gani, na zimeota kwa kiasi gani. Kama yupo mwingine aliyepanda nyuma ya plau na zikamkataa, na wa jembe la mkono zimetoka vizuri, tayari una jambo la kumweleza mzee. Kama hata wa jembe la mkono wanalalamika, basi ujue mapema kwamba unakoelekea siko ulikodhani.

Na hilo andiko la risiti, nakuomba usiliguse kabisa mbele ya mzee. Lina maana kwa mtu aliyebadili mawazo, aliyenunua nyingi kupita mahitaji au aliyepata bei nafuu mtaa wa pili. Kwa mbegu zilizouzwa zikiwa zimekufa halikusaidii. Biashara ya mbegu inaongozwa na Sheria ya Mbegu ya 2003, na TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu, ipo kwa ajili ya malalamiko ya namna hii hii. Ukimsomea mzee andiko lile, atakachosikia ni kwamba huna sababu nyingine ya kumpa.

Sasa shamba. Ningependa uende wewe mwenyewe kabla ya Alhamisi, pamoja na mzee na afisa ugani wa kata yenu. Afisa ugani ni wa lazima, kwa sababu hali chakula kwako wala kwa mzee. Beba futi ya kupimia, panga au kijembe kidogo, daftari, na pakiti zote tatu kama mzee anazo. Hata zile tupu ni muhimu, kwa sababu lebo ndiyo inayobeba namba ya loti, tarehe ya kupimwa na kiwango cha uotaji. Soma namba ya loti kwenye kila pakiti. Zikiwa zinatofautiana, muulize mzee pakiti ipi ilipandwa upande upi wa shamba, la sivyo mtakachokiona kinaweza kuwapotosha.

Mkifika msiangalie shamba kwa jicho tu. Jicho la mtu aliyepoteza huona uwazi, na la muuzaji huona miche. Hesabuni. Alizeti ikipandwa sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shimo hadi shimo, mita 10 za mstari huwa na mashimo yapatayo 33. Nyuma ya plau mbegu huangushwa kila mfuo wa tatu, na hapo mistari huja karibu na hizo 75. Chagueni sehemu tano zilizotawanyika: mbili kandokando, mbili katikati, moja kwenye kona. Kila sehemu pimeni mita 10 na mhesabu ni mashimo mangapi yana mche, ukiwemo ule mdogo. Mzee ahesabu kwa sauti, wewe uandike.

Kisha tazama namba hizo zilivyokaa, kwa sababu wastani pekee utakudanganya. Tuseme mmepata 28, 6, 9, 25 na 4. Jumla ni 72 kati ya 165, chini ya nusu, na mzee atasema ndivyo alivyokuambia. Lakini sehemu mbili zimeota karibu zote na tatu karibu hakuna kitu. Mbegu iliyokufa haichagui mahali. Ikiwa ni 35 tu kati ya 100 zilizo hai na kila shimo limewekwa mbegu mbili, bado zaidi ya nusu ya mashimo yatapata angalau mche mmoja, na upungufu utasambaa shamba zima: hapa mmoja, pale hakuna, mbele mmoja. Mabaka makubwa matupu yaliyopakana na mabaka yaliyojaa yanakuambia uangalie udongo, kina, wadudu au ndege kabla hujaishuku pakiti. Kwa upande mwingine, ukikuta 13, 11, 15, 12 na 14, upungufu ule ule kila mahali, jiandae kusikia habari usiyoipenda.

Baada ya kuhesabu, fukueni. Kwenye mapengo, chimbeni taratibu mashimo kama ishirini mkipima ni sentimita ngapi kutoka juu hadi mbegu ilipolala. Hapa ndipo nashuku jibu lipo, ingawa sijaliona shamba. Alizeti hupandwa kina cha sentimita 3 hadi 5. Plau la ng'ombe likizama vizuri kwenye udongo laini hukata sentimita 10 hadi 15, na mbegu iliyoangushwa ndani ya mfuo hufunikwa na tifutifu lote la mfuo unaofuata. Mahindi yanaweza kuvumilia kina kikubwa kidogo. Alizeti huwa shida kwake, kwa sababu shina lake changa linapojikunja kupanda juu hulazimika kuzibeba zile jani mbegu mbili nene hadi zitokeze, na akiba ya chakula iliyomo kwenye mbegu huisha kabla ya kuuona mwanga. Vijana wa mzee wamefanya hivyo miaka yote, sawa, lakini huenda miaka yote ilikuwa mbegu ya kienyeji iliyomwagwa kwa wingi, ambapo hata ikipotea nusu shamba linajaa. Chotara hupandwa kilo 2 kwa ekari, haina ziada ya kupoteza.

Mtakachokikuta chini kitasema chenyewe. Shina jeupe au la manjano, refu, lililopindapinda na kuishia udongoni, linaonyesha mbegu iliyokuwa hai ikazikwa mno au ikazuiwa na ganda. Lile ganda gumu la juu huja pale mvua kubwa inapopiga udongo mwekundu halafu jua likaukausha, na barua yako inaeleza hali hiyo hiyo. Mizizi iliyoanza kisha ikanyauka ni ukame uliofuata mvua. Maganda matupu juu ya ardhi au shimo lililofukuliwa ni ndege, panya au kindi. Mbegu iliyooza na kuwa laini bila kutoa mzizi wowote, kwenye kina sahihi, katika mashimo mengi, hiyo ndiyo inayokugeukia wewe na msambazaji wako. Zimepita wiki tatu na zaidi, kwa hiyo mashimo mengine mtakuta hayana kitu. Msiyahesabu upande wowote.

Siku hiyo hiyo anzeni kipimo cha uotaji, mbegu za aina mbili. Za kwanza zitoke kwenye pakiti ya mzee iliyobaki, na za pili kwenye pakiti iliyofungwa ya loti ile ile dukani kwako, ifunguliwe mbele yake. Hesabuni 100 kutoka kila moja. Zikiwa hazitoshi kwa mzee chukueni 50, mkijua kipimo kitakuwa na mashaka zaidi. Zipangeni kwenye mchanga wa korongo uliooshwa na kumwagiwa maji ya moto ukapoa, kina cha sentimita 2, katika beseni lililotobolewa chini, maji yawe ya unyevunyevu tu. Afisa ugani akikubali kuyaweka mabeseni ofisini kwake ni vizuri zaidi. Hizo mbegu zimetiwa dawa, ndiyo maana zina rangi, kwa hiyo vaeni glavu na zitakazobaki zisipewe kuku.

Siku ya nne au ya tano mtaona mwelekeo, na siku ya kumi mtahesabu jumla. Msihesabu kila kilichochomoza. Mche mzima una mzizi, shina lililonyooka na majani mawili. Lebo ikisema 85 nanyi mkapata 79, isiwe ugomvi, kwa sababu mbegu 100 peke yake zinaweza kucheza kati ya 78 na 92 bila kosa la mtu. Zote mbili zikiota vizuri, tatizo halikuwa kwenye pakiti. Ya dukani ikiota vizuri na ya mzee ikawa chini sana, kuna namna pakiti yake ilivyokaa baada ya kufunguliwa, pengine stoo ya bati yenye joto kali, na mbegu za mafuta kama alizeti haziwezi joto pamoja na unyevu. Zote mbili zikiwa chini, kwa mfano 40 na 45, basi dada, hata kichwa cha barua yako kinabadilika. Hapo mzee ana haki, nawe unakuwa mdai mwenzake kwa msambazaji. Ndiyo sababu nasema usitoe jibu la mwisho kabla ya kipimo.

Kabla hujaenda popote, jiangalie nawe. Shelfu yako ya mbegu ipo wapi? Kama ipo chini kabisa ya bati, au jirani na viuagugu vinavyonuka, au ulipokea mzigo mapema ukapigwa na jua la Oktoba na Novemba, usishangae ya dukani nayo ikashuka. Hapo msambazaji naye atakuuliza maswali unayotaka kumuuliza mzee.

Tuseme sasa hesabu imeonyesha mabaka, mashina yaliyopinda yamekutwa sentimita 11 na 12 chini, na beseni la siku ya tano lina miche tele. Hela haitarudi. Swali lako la nimwambie nini linaanzia hapo, na kwa maoni yangu nusu ya kazi imekwishafanyika, kwa kuwa mzee ameona kwa macho yake na kuhesabu kwa mdomo wake. Ila Alhamisi beseni bado halijafika siku ya kumi. Kama mmelianza juzi tu, mwambie mzee hivyo hivyo, kwamba kilichoonekana shambani ni hiki na kipimo kinakamilika siku fulani. Ahadi yenye siku inavumilika. Ile ya «tutaangalia» humfanya aende na kurudi huku msimu unakwisha, na nadhani hiyo ndiyo inayovunja uhusiano kuliko lile hapana lenyewe.

Usiongelee dukani kwenye kaunta. Alikusema mbele ya watu, na ukimjibu mbele ya watu atalazimika kulinda heshima yake hata kama moyoni amekubali. Mfuate nyumbani au mkae shambani chini ya mti, afisa ugani akiwepo, na kama kuna mjumbe mmoja wa kikundi anayeheshimika naye awepo. Anza na mlichokiona, si na uamuzi. Kisha litamke lile neno moja kwa moja, mara moja. Unaweza kusema hivi, kwa lugha yako:

«Shikamoo mzee. Nashukuru ulivyoniita shambani na tukahesabu pamoja. Sehemu mbili zimetoka vizuri, tatu hazijatoka. Tumefukua, tumekuta zimeota chini, zikashindwa kupanda, kwenye sentimita 11 na 12. Hapo mbegu ilikuwa hai, ila plau limeizamisha na mvua ikaifunika ganda. Kwa hiyo hela ya mbegu, mzee wangu, sitaweza kuirudisha, kwa sababu mbegu ilifanya kazi yake na mimi msambazaji hanirudishii. Ekari zako tatu bado sijaziacha. Naomba tuongee la kufanya wiki hii, kabla mvua haijatupita.»

Ona jinsi sentensi zilivyokaa. Plau limezamisha, mvua imefunika. Hakuna mahali panaposema «umepanda vibaya» au «vijana wako hawakujua». Ni jambo lile lile, lakini mtu mzima anaweza kulipokea bila kushushwa. Msambazaji naye asiwe sababu ya kwanza. Ukianza na «kampuni imekataa», mzee atasikia kwamba wewe ungemlipa kama ungeweza, na atazidi kukubana. Wala usiombe radhi kwa mbegu, maana radhi ya namna hiyo kesho itasimuliwa mnadani kwamba mwenye duka amekiri. Mpe pole ya hasara yake. Hiyo anastahili, na haikiri kitu.

Atakapouliza «basi utanisaidia nini?», uwe na kitu mkononi. Chenye thamani kubwa kwake sasa ni muda, na hapo wewe unaweza kumsaidia kuliko 210,000. Tupo Januari. Alizeti huanza kutoa maua karibu siku 60 hadi 65 baada ya kuota. Ikipandwa tena tarehe 20 Januari, itakuwa na maua mwishoni mwa Machi, na mvua za Dodoma kwa kawaida huendelea hadi Aprili, kwa hiyo kujaza punje bado kuna maji. Ikiingia katikati ya Februari unacheza kamari. Pia asirudishie kila pengo. Miche iliyotoka Desemba ina wiki tatu au zaidi za kutangulia, na mche mpya ukiwekwa katikati yake utafunikwa kivuli na kubaki mwembamba. Arudishie mabaka makubwa peke yake, na sehemu zilizotoka nusu aziache, kwa kuwa alizeti yenye nafasi hukuza kichwa kikubwa na kufidia sehemu ya upungufu. Katika ekari tatu huenda mabaka yakawa ekari moja na nusu, yaani kilo 3. Safari hii apandie jembe la mkono, kina kisichozidi pingili mbili za kidole, na kama ganda limetokea tena kabla ya miche kutoka, livunjwe taratibu kwa tawi la miba likiburutwa.

Kuhusu hizo kilo 3, una njia kadhaa, na hapa ndipo mumeo na kaka yako wote wana hoja. Unaweza kumuuzia kwa bei uliyonunulia, 93,000 badala ya 105,000. Hupati faida, hupotezi mtaji. Unaweza kumpa kilo moja bure, ikakugharimu 31,000, yaani faida ya karibu kilo 8. Unaweza kumpa kwa mkopo hadi mavuno, ukijua kwamba mwaka wa mvua mbaya mkopo huo utakutia machungu upya. Au ulipe zote, kama mumeo anavyosema. Kurudisha 210,000 kunakula faida ya kilo 52 na nusu, na hatari kubwa zaidi naiona kwenye tafsiri yake. Watu hawatasema una moyo mwema, watasema mbegu zilikuwa mbovu hadi mwenyewe amelipa, na wale kumi walionyamaza watakuja. Lakini kaka naye aangalie upande wa pili. Ukimkatalia mzee mikono mitupu, hatari ya kupoteza kikundi ni ya kweli, na watu thelathini wakihamia duka jingine, faida ya kilo 52 itaonekana ndogo. Wewe ndiye unayejua kikundi kinanunua kiasi gani kwa msimu. Kaa na daftari uweke hesabu hiyo kabla ya Alhamisi, isije hofu ikaamua kwa niaba yako.

Chochote utakachotoa, kiite msaada wa kurudishia, na ukiandike hivyo kwenye daftari na risiti. Ukikiita fidia umeshafunga mjadala wa ubora dhidi yako mwenyewe. Na uweke sharti moja ambalo unaweza kuliheshimu kwa kila mtu: atapewa msaada huu mteja aliyeruhusu shamba lihesabiwe na kufukuliwa, afisa ugani akiwepo. Hapo hata wakija ishirini, hujatoa kwa upendeleo, na wengi wasio na hoja hawatataka kufukua.

Je, mzee akikataa yote? Akisema haamini beseni wala afisa ugani? Usimbishie. Mpe namba ya loti iliyoandikwa vizuri, nakala ya hesabu mliyofanya, na umwelekeze kwa afisa kilimo wa wilaya ili malalamiko yake yaende TOSCI. Mwambie kwamba wakikuta kosa kwenye mbegu utasimama naye kudai. Najua inatisha kumfungulia mteja mlango wa kukulalamikia, lakini muuzaji anayeonyesha njia hiyo mwenyewe haonekani kama mtu anayeficha kitu. Wewe pia tunza pakiti moja iliyofungwa ya loti hiyo, usiiuze hadi jambo hili liishe, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayeweza kupima kitu.

Jambo la kikundi nalo usiliache mikononi mwa uvumi. Muulize mzee kwanza kama anaridhia afisa ugani aongee na wanachama kuhusu kina cha kupandia chotara, bila kutaja shamba la mtu. Akikubali, atabaki mwenyekiti aliyeleta somo, na wenzake watakaopanda kwa kuchelewa mwezi huu watanusurika na hasara hiyo hiyo. Akisita, usimlazimishe. Pengine hela haikuwa jambo kubwa zaidi kwake, huenda kilichomleta siku ya mnada ni kwamba ndiye aliyewashauri wenzake wanunue chotara. Msikilize kwa makini akiongelea hilo.

Kuanzia mauzo yajayo, andika namba ya loti kwenye kila risiti ya mbegu, na weka kando pakiti moja ya kila loti hadi wateja wako wote wawe wameona miche. Na mteja anapochukua chotara, muulize anapandaje kabla hajalipa. Akisema nyuma ya plau, mwambie papo hapo kuhusu sentimita 5, na umwonyeshe kwa kidole.